Orem au Roy? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kulinganisha nadharia ya kujihudumia na ya kuendana na hali

Kila muhula wa somo la nadharia za uuguzi maswali huwa ni yaleyale, ndiyo maana nimeyakusanya hapa. Kazi inayotolewa ni ileile pia: chagua mgonjwa, tumia nadharia mbili, linganisha. Wengi huchukua nadharia ya upungufu wa kujihudumia ya Dorothea Orem na modeli ya kuendana na hali ya Callista Roy. Kazi yenyewe utaiandika kwa Kiingereza, kwa hiyo istilahi za Kiswahili zilizomo humu zichukue kama njia ya kuelewa, si majina rasmi.

Tofauti yao hasa ni nini, kwa sentensi chache?

Angalia kila mmoja alianza na swali gani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Orem alikuwa akishughulikia mtaala wa mafunzo ya wauguzi nchini Marekani, akajikuta anajiuliza: ni hali gani ya mtu inayotufanya tuseme huyu sasa anahitaji muuguzi? Jibu lake ni kwamba mtu anamhitaji muuguzi pale mambo anayopaswa kujifanyia kwa ajili ya afya yake yanapozidi uwezo wake wa kuyafanya. Kitabu chake kilitoka mwaka 1971.

Roy alikuwa muuguzi wa watoto. Alishangazwa na jinsi watoto wanavyopokea mabadiliko makubwa ya mwili na maisha kisha wakasimama tena. Swali lake likawa: mtu huyu anaitikia nini, na mwitikio wake unamjenga au unambomoa? Makala yake ya kwanza kuhusu modeli hii ilichapishwa mwaka 1970.

Kwa hiyo Orem anapima pengo kati ya mzigo na uwezo, na Roy anasoma mwitikio na kinachouchochea. Mengine yote katika kazi yako yatoke hapo.

Nichague mgonjwa wa aina gani?

Mgonjwa ambaye nadharia mbili zitakupeleka kwenye maamuzi mawili tofauti. Ukichagua mwenye malaria ya kawaida anayetibiwa na kupona ndani ya siku tatu, nadharia zote mbili zitakuambia umpe dawa na maji, na hutakuwa na cha kulinganisha.

Ukurasa huu utamtumia mama mmoja niliyemtunga kwa ajili ya kufundishia. Ana miaka 54 na ni mama lishe karibu na stendi ya mabasi Morogoro. Ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka 11 na alikuwa akitumia vidonge. Alipata kidonda cha kisigino, kikaoza, akakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Kabla ya kuruhusiwa alianzishiwa insulini ya mchanganyiko, yuniti 18 asubuhi na 10 jioni, nusu saa kabla ya kula. Alifundishwa kujidunga. Anatembea kwa magongo. Anaishi na binti yake na wajukuu wawili katika chumba cha kupanga, choo kiko nje uani. Biashara ya chakula sasa anaiendesha binti, anayeamka saa kumi alfajiri.

Wiki mbili baada ya kutoka anarudi kliniki. Sukari yake kabla ya kifungua kinywa ni 15.1, wakati lengo la wengi ni kati ya 4 na 7. Anaombwa aonyeshe anavyojidunga, naye anafanya bila kosa: anaviringisha kichupa viganjani mpaka dawa ichanganyike, anavuta kipimo sahihi, anabadilisha mahali pa kudunga. Basi sukari imepandaje?

Kwa Orem, nampitishaje mgonjwa huyu?

Anza na mzigo. Orem ana makundi matatu ya mahitaji ya kujihudumia: ya watu wote, ya ukuaji, na yanayotokana na ugonjwa. Ya watu wote ni manane: hewa, maji, chakula, utoaji wa taka mwilini, uwiano wa kazi na mapumziko, uwiano wa kuwa peke yako na kuwa na watu, kujikinga na hatari, na kuishi kama binadamu wa kawaida katika jamii yako. Usiyaandikie yote aya sawa. Kwa mama huyu hewa haina tatizo, sema hivyo kwa mstari mmoja na uendelee. Chakula, choo na hatari ya kuanguka ndivyo vyenye maneno.

Kisha mahitaji ya ugonjwa: kudunga insulini kwa saa, kupima sukari, kutambua dalili za sukari kushuka, kutunza kigutu, kukagua mguu wa kushoto kila siku kwa sababu mguu uliobaki nao uko hatarini, na kutunza dawa. Nyumba haina friji, kwa hiyo insulini inakaa ndani ya chungu cha udongo kilicholowanishwa, kivulini.

Baada ya mzigo pima uwezo, jambo kwa jambo. Kudunga anaweza. Kusoma kipimo kwenye bomba anaweza. Kukagua unyayo wa kushoto hawezi vizuri, hauoni, anahitaji kioo au macho ya binti. Kwenda choo usiku peke yake hawezi. Pale uwezo unapopungukiwa na mzigo ndipo penye upungufu, na upungufu ndio unaokuchagulia mfumo wa uuguzi. Orem anayo mitatu: wa kufidia kikamilifu, muuguzi anapofanya karibu kila kitu, wa kufidia kwa sehemu, mnapogawana, na wa kuunga mkono na kuelimisha, mgonjwa anapofanya mwenyewe naye muuguzi anamfundisha na kumwongoza.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita. Mfumo haubandikwi kwa mgonjwa mzima milele. Mama huyu saa chache baada ya upasuaji alikuwa kwenye kufidia kikamilifu. Siku ya tisa alikuwa kwenye kufidia kwa sehemu kwa upande wa kigutu, na kwenye kuelimishwa kwa upande wa insulini, siku hiyohiyo moja. Onyesha mabadiliko hayo na msomaji wako atajua unaielewa nadharia.

Na kwa Roy?

Roy anakutaka upime mara mbili kabla ya kutaja tatizo. Kwanza tabia, yaani kile mgonjwa anachofanya au mwili wake unachoonyesha. Pili vichocheo, yaani kinachosababisha tabia hiyo. Mchakato wake una hatua sita: kupima tabia, kupima vichocheo, utambuzi wa kiuguzi, malengo, afua, tathmini. Ukiandika hatua tano umeandika mchakato wa kawaida wa uuguzi, siyo wa Roy.

Tabia zinapimwa katika nyanja nne: mwili, jinsi mtu anavyojiona, majukumu yake, na kutegemeana na wengine. Sasa mkalishe mama huyu na umuulize siku yake ilivyo, tangu jua kuchwa. Anasema jioni hali. Kwa nini? Akila na kunywa ataamka usiku kwenda choo, na choo kiko uani, kwa magongo gizani hawezi, itabidi amwamshe binti ambaye saa kumi lazima awe ameamka kuwasha jiko. Na kwa kuwa hali, hadungi ile dozi ya jioni, maana alifundishwa wodini kwamba ukidunga bila kula sukari inashuka mpaka unaweza kupoteza fahamu.

Soma tena kisa hicho. Hajasahau wala hapuuzi. Alilofundishwa amelishika barabara na analitumia kwa akili. Kwa lugha ya Roy, katika nyanja ya kutegemeana mwitikio wake una maana kabisa: analinda usingizi wa mtoto wake na riziki ya nyumba. Katika nyanja ya mwili mwitikio huohuo unamdhuru. Na kuna mduara ndani yake, kwa sababu sukari ikiwa juu mkojo nao unaongezeka, kwa hiyo anavyozidi kukwepa choo kwa kuacha chakula na dawa, ndivyo haja ya choo inavyozidi kumwamsha.

Kichocheo kikuu ni kipi hapo? Mguu uliokatwa?

Hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi kwenye kazi za Roy: mwanafunzi anachukua utambuzi wa daktari na kuuita kichocheo kikuu kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Kichocheo kikuu ni kile kinachomkabili mtu moja kwa moja wakati huo, kwa tabia hiyo. Siku ya pili wodini, kwa tabia ya kugeuza uso wakati wa kufunga kidonda, kukatwa mguu ndiyo kichocheo kikuu. Wiki mbili baadaye, kwa tabia ya kuacha mlo wa jioni, kichocheo kikuu ni safari ya chooni usiku. Mguu uliokatwa umesogea ukawa mmoja wa vichocheo vya mazingira, pamoja na magongo, giza la uani na ratiba ya binti.

Kundi la tatu ni vichocheo fiche, mambo yanayoweza kuwa yanachangia lakini bado hujayathibitisha. Labda amewahi kusikia kwamba ukianza sindano za sukari umekwisha. Hilo ni la kuuliza. Akithibitisha, linahama na kuwa kichocheo cha mazingira. Akikana, lifute. Usiliache linaning'inia kwenye jedwali kana kwamba umelithibitisha.

Kwa hiyo Roy ndiye bora, Orem alikuwa haoni?

Taratibu. Hiyo ndiyo hukumu ya haraka inayoharibu kazi nzuri. Orem anayo milango angalau miwili ya kukufikisha kwenye kisa hichohicho. Utoaji wa taka mwilini umo kwenye mahitaji yake manane, na tulishaandika kwamba usiku hawezi kwenda choo peke yake. Tena ana orodha ya mambo ya msingi yanayoathiri mzigo na uwezo, kama umri, mfumo wa familia, mazingira na rasilimali zilizopo. Binti na uani vinaingia humo.

Tofauti iko kwenye njia. Kwa Orem, upungufu wa choo na upungufu wa insulini unaweza kuuandika kwenye mistari miwili ya jedwali, kila mmoja na afua yake, bila kulazimika kuuliza kama mmoja unauzaa mwingine. Muuguzi mwangalifu atauliza, lakini nadharia haimsukumi. Roy anamsukuma, kwa sababu haruhusiwi kutaja tatizo kabla ya kutaja kinachoichochea tabia. Hii ndiyo sentensi ya ulinganisho ambayo ningependa kuiona kwenye kazi yako, kwa maneno yako mwenyewe.

Sasa geuza upande. Muulize Roy ni nani atakagua unyayo wa kushoto Jumatano, kwa kutumia nini, na muuguzi ajitoe lini. Modeli yake itakupa lengo na kukwambia urekebishe vichocheo, lakini mgawanyo wa kazi utaupata kwa Orem, kwa mistari iliyonyooka: hili anafanya mgonjwa, hili binti, hili muuguzi, na hili litahama wiki ijayo. Kwa mpango wa kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani mimi ningeshika Orem. Kwa mgonjwa anayerudi na sukari ya 15 ilhali anajua kila kitu ningeshika Roy.

Kuna pia dai kwamba Orem ni wa mwili tu na Roy ni wa nafsi. Si kweli. Miongoni mwa mahitaji sita ya Orem yanayotokana na ugonjwa, moja ni kubadili jinsi unavyojiona ili uikubali hali yako mpya, na jingine ni kujifunza kuishi na matokeo ya ugonjwa. Tofauti ni kwamba kwa Orem kujiona upya ni kazi mojawapo ya mgonjwa, na kwa Roy ni nyanja nzima inayopimwa.

Utambuzi wa kiuguzi unaandikwaje kwa kila mmoja?

Kwa Orem: upungufu wa kujihudumia katika utoaji wa taka mwilini nyakati za usiku, kwa kuwa hawezi kutembea kwa magongo gizani hadi uani, na mahitaji ya choo yameongezeka kwa sababu ya sukari kuwa juu.

Kwa Roy: kuacha mlo na insulini ya jioni, kunakochochewa na safari ya chooni usiku, katika mazingira ya magongo, giza na binti anayeamka mapema.

Sentensi ya kwanza inaanza na asichoweza. Ya pili inaanza na anachofanya. Ukibadilishana majina ya nadharia na sentensi zako bado zikasomeka sawa, hujatumia nadharia, umezitaja tu.

Afua zitatofautiana kweli? Mwisho wa siku si unampa tu ndoo ya usiku?

Ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda itatokea kwa wote wawili, na usione haya kuandika hivyo. Kwa Orem ndoo ni kufidia pengo la uwezo, kisha unafundisha jinsi ya kuitumia bila kuanguka na unapanga lini itaachwa, magongo yakishazoeleka. Kwa Roy ndoo ni kuondoa kichocheo kikuu, lakini humalizi hapo. Ndoo lazima imwagwe asubuhi, na mama aliyekuwa analisha stendi nzima sasa mkojo wake unamwagwa na mwanawe. Hilo linagusa anavyojiona na jukumu lake kama mama. Kwa hiyo unawakalisha wote wawili, mnazungumza wazi, mnakubaliana nani amwage na saa ngapi, mnasogeza chakula cha jioni hadi saa kumi na mbili, na mnamtafutia kazi ya kukaa kwenye biashara yake mwenyewe, kuchambua mchele au kushika hesabu. Binti huenda akasema angependa kuamshwa kuliko kumrudisha mama wodini. Usimwandikie jibu kabla hujamuuliza.

Daktari naye aambiwe ukweli kuhusu dozi zilizorukwa. Bila hivyo anaweza kuongeza yuniti juu ya dozi ambazo hazidungwi, na siku mama atakapozidunga zote sukari itaporomoka. Hatari hiyo iandike kwenye kazi.

Tathmini nipime nini?

Roy: je, tabia imebadilika? Anakula jioni siku ngapi kwa wiki, anadunga ngapi, sukari ya asubuhi ikoje. Orem: je, pengo limepungua? Anafika kwenye ndoo peke yake, unyayo unakaguliwa na nani. Sukari iliyoshuka inaweza kuonekana kwa wote wawili, ila haitoshi peke yake, kwani inaweza kushuka kwa sababu mgonjwa hali chakula kabisa.

Ndugu wanaomwogesha na kumlisha mgonjwa wodini nawaweka wapi?

Swali zuri, na wodi zetu zinalihitaji. Ukisoma Orem kwa juu utadhani kuna watu wawili tu, mgonjwa na muuguzi, ukaandika kwamba muuguzi ndiye aliyefidia kikamilifu wakati kila mtu anajua dada wa mgonjwa ndiye aliyemwogesha. Orem anatambua pia huduma kwa mtegemezi, yaani mtu mwingine anayebeba kujihudumia kwa niaba ya asiyeweza. Mpime ndugu huyo kama unavyompima mgonjwa: anajua nini, ana nguvu kiasi gani, atakuwepo mpaka lini. Kwa Roy ndugu anaingia kwenye nyanja ya kutegemeana. Angalia asibaki kama pambo la historia ya mgonjwa. Yeye naye anaitikia mambo yake.

Naruhusiwa kuzichanganya nadharia mbili kuwa moja?

Kwa kazi ya kulinganisha, hapana. Orem anamwona mtu kama mtendaji anayekusudia na kuamua. Roy anamwona kama mfumo unaopokea vichocheo na kuitikia kwa mwili na kwa akili. Ukichanganya katikati ya jedwali, msomaji hatajua hitimisho limetoka wapi. Pitisha mgonjwa kwa mmoja mpaka mwisho, halafu rudi umpitishe kwa mwingine ukianza na data zilezile.

Wasifu wa wananadharia uchukue kurasa ngapi?

Aya moja kwa kila mmoja. Kwamba Roy ni mtawa na alisoma chini ya Dorothy Johnson ni habari njema, lakini iandike pale tu inapoeleza kitu ndani ya modeli. Kurasa tatu za wasifu huwa ni mahali ambapo mwanafunzi amejificha.

Ulinganisho wenyewe ukae wapi, na utumie jedwali?

Jedwali moja dogo linatosha, tena baada ya mgonjwa kupita kwa wote wawili. Mistari yake isiwe "mtu, afya, mazingira, uuguzi" iliyonakiliwa kutoka slaidi. Iwe maamuzi: nadharia ilinifanya niulize nini kwanza, nilipata nini ambacho nyingine haikunipa, nilibadilisha nini kwenye mpango, na ilinyamaza wapi. Kisha chini yake andika aya mbili au tatu za maelezo, kwa sababu jedwali halijitetei.

Msimamizi ameandika pembeni "umeelezea, hujalinganisha". Nifanye nini?

Chukua kalamu upigie mstari kila sentensi yenye majina yote mawili, Orem na Roy. Kama ni chache kuliko tano, msimamizi yuko sahihi. Rudi kwenye jambo moja tu la mgonjwa, kwa mfano ile dozi ya jioni, uandike ukurasa mzima juu yake pekee: Orem angeliona kwa mlango gani, Roy kwa mlango gani, nani angelifikia mapema, na muuguzi angefanya nini tofauti kliniki asubuhi hiyo.